Programu ya wiki 8 kwa timu ya riadha ya shule: naomba mnikosoe kabla sijaipeleka kwa mkufunzi

Chaki_Mfukoni
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa pili chuo cha ualimu, somo la elimu kwa michezo, na sasa niko kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kutwa. Mkufunzi anataka programu ya wiki 8 ya timu ya shule, yenye mwendelezo na mapumziko, na anataka iwe imetumika kweli, si ya kwenye karatasi tu. Wiki ya nane Jumamosi kuna mashindano ya wilaya ya kuelekea UMISSETA.

Nina wanafunzi 14. Hapa nauliza kuhusu sita wa mita 800 na 1500, kwa sababu hao ndio wengi na ndio siwaelewi. Nimepanga hivi: Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi jioni, vipande vya mita 400 kwa kasi yote, kupumzika dakika moja kati ya kipande na kipande. Wiki ya kwanza vipande vinne, ya pili vitano, naongeza kimoja kila wiki hadi wiki ya nane vipande 11. Jumamosi na Jumapili mapumziko. Naamini mwendelezo upo na mapumziko yapo. Nimekosea wapi?

Bora wangu ni binti wa kidato cha pili, amekimbia 800 kwa dakika 2 na sekunde 40.

Kipenga_cha_Mwisho
Safi sana mkuu, ila ongeza mpira na mashuti golini, la sivyo fowadi wako watachoka mapema kipindi cha pili.

Chaki_Mfukoni
Mkuu hii ni riadha, si timu ya mpira 😂

Kipenga_cha_Mwisho
Aah, nimeona "timu ya shule" nikakimbilia. Endeleeni.

Mzee_wa_Kijiti
Mwalimu, nimefundisha riadha shuleni zaidi ya miaka 20, sasa nimestaafu na miguu yenyewe imestaafu. Kabla sijagusa programu yako nijibu mambo mawili. Hiyo 2:40 umeipimia kwenye uwanja gani? Na huyo binti, kuanzia anapoamka hadi saa kumi jioni, miguu yake inakuwa imefanya nini?

Chaki_Mfukoni
Shikamoo mzee. Uwanja ni wa mpira, mita 100 kwa 60, kwa hiyo mzunguko ni mita 320, na raundi mbili na nusu ni 800 kamili. Binti anatembea kama kilomita 4 kuja shule na 4 kurudi. Asubuhi kuna mchakamchaka, dakika 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumatano mchana wana kazi za shamba la shule. Na yumo kwenye timu ya netiboli.

Mzee_wa_Kijiti
Marahaba. Sasa tuanze na uwanja, maana saa ikidanganya, programu nzima itadanganya.

Hakuna mtoto anayekimbia akakata kona ya uwanja wa mpira kama askari wa gwaride. Anaizungusha. Kila kona akiizungusha anapunguza mita kadhaa, na kona ziko nne. Tafuta kamba ya mita 50, uinyooshe chini ukifuata njia ile ile wanayopita, pinda na kona zao, halafu uniambie ni mita ngapi.

Hilo la pili ndilo kubwa zaidi. Wewe umehesabu mazoezi yako tu. Miguu yake haijui kipi ni mchakamchaka na kipi ni programu ya mkufunzi. Kwake kutembea tu ni kilomita 40 kwa wiki, na mchakamchaka, hata ukiwa wa taratibu, kwa siku tano haupungui kilomita 12 hivi. Kisha unamletea jioni mita 400 kwa kasi yote, kila siku, na wiki ya mashindano ndiyo nzito kuliko zote. Jumamosi atafika mstarini akiwa amebeba wiki nane mgongoni.

Tambarare_Hapana
Mimi niko Kenya, upande wa Nandi. Kwa heshima, mzee, nadhani mnawadekeza. Huku watoto hukimbia kwenda shule, wakarudi nyumbani kula, wakarejea, na hakuna aliyehesabu. Ndio maana tunashinda. Huyo binti aongezewe kilomita, na hivyo vipande viachwe kabisa hadi akomae.

Mzee_wa_Kijiti
Ndugu yangu wa Nandi, nusu ya maneno yako nayachukua. Mtoto aliyekimbia taratibu miaka kumi ana mifupa na mishipa iliyokwisha kuzoea, na kile "taratibu" chenu ni taratibu kweli, mtu anakimbia huku anapiga soga. Lakini hiyo ni kazi ya miaka, na hapa mwalimu ana wiki nane. Pumzi hujengeka upesi, wiki tatu tu unaona tofauti. Mfupa wa ugoko huchelewa. Ndiyo maana wiki ya tatu au ya nne, mtoto anapojisikia ana nguvu kuliko wakati wowote, ndipo ugoko unapoanza kulalamika. Ukimwongezea wakati huo kwa kuwa anaonekana vizuri, umempoteza.

Tambarare_Hapana
Hapo kwa ugoko sina ubishi. Tulikuwa na wenzetu wengi walioachia hapo. Lakini bado nasema mbio za taratibu ziwe nyingi kuliko za kasi.

Mzee_wa_Kijiti
Na mimi ndivyo nitakavyopanga.

Chaki_Mfukoni
Wakuu, nimerudi kutoka uwanjani na kamba. Nimepima mara mbili: mita 303! Kwa hiyo raundi mbili na nusu ni kama mita 757. Binti yangu hajawahi kukimbia 800 hata siku moja.

Mzee_wa_Kijiti
Umeona. Mita 757 kwa sekunde 160, mwendo huo huo ukiuendeleza hadi 800 unapata kama 2:49. Na hapo ni kama hatachoka mwishoni. Si aibu yake wala yako, nimeona walimu wazoefu wakipeleka wilayani watoto wa "dakika mbili na sekunde tano" waliomaliza wa mwisho.

Fanya hivi. Weka vigingi kwenye kona ili wote wapite njia moja, na uvisogeze hadi upate mita 300 kamili. Raundi moja iwe ndicho kipande chako. Hutahitaji kuweka alama za 400 wala 500, wala kupiga hesabu huku filimbi iko mdomoni.

Chaki_Mfukoni
Nimesogeza vigingi vya upande wa goli moja ndani kwa mita 1 na nusu. Sasa ni 300. Nipe mpangilio mzee, nitauandika kwa lugha ya mkufunzi mwenyewe.

Mzee_wa_Kijiti
Haya. Siku ngumu ziwe mbili tu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Jumamosi asubuhi mbio ndefu ya taratibu, wiki ya kwanza dakika 20, ya pili 25, ya tatu 30, na usivuke 35 hadi mwisho. Kipimo cha taratibu ni maneno: akishindwa kusema sentensi nzima, anakimbia sana. Jumatatu na Jumatano mafundisho mepesi, kupokeza kijiti, kuinua magoti, kukaa vizuri kwenye mstari wa kuanzia. Ijumaa na Jumapili hakuna kitu. Hakuna kitu maana yake hata wewe usionekane na filimbi.

Jumanne ndiyo uti wa mgongo. Kila mara badilisha jambo moja tu, ama idadi ya vipande, ama kasi, ama muda wa kupumzika. Ukibadilisha mawili kwa pamoja na mtoto akaharibika, hutajua kilichomharibu.

Kwa binti huyu: wiki ya kwanza vipande vinne vya mita 300, kila kimoja sekunde 75, apumzike dakika 3 akitembea. Wiki ya pili vitano, kasi ile ile. Wiki ya tatu sita. Wiki ya nne rudi vitatu tu, kasi ile ile, na Jumamosi badala ya mbio ndefu mpime raundi mbili, yaani mita 600. Wiki ya tano rudi sita, kasi haibadiliki, ila mapumziko yawe dakika 2. Wiki ya sita vipande sita na dakika 2 zake, lakini sekunde 71. Hiyo ndiyo wiki nzito kuliko zote, baada ya hapo tunateremka. Wiki ya saba vitatu tu, kwa mwendo wa mashindano, sekunde 62, na apumzike dakika 6 hadi pumzi irudi kabisa. Wiki ya nane Jumanne viwili vya sekunde 62, Alhamisi mbio fupi nne za mita 80 za kuchangamsha miguu, Ijumaa akalale.

Alhamisi za wiki nyingine ni kilima. Tafuta mwinuko wa wastani wenye urefu wa mita 60 hadi 80, apande kwa nguvu, ashuke akitembea. Mara 6 wiki ya kwanza, hadi 10 ya tatu, 5 ya nne, 10 tena ya tano na ya sita, 5 ya saba. Kilima kinajenga miguu bila kishindo kikubwa cha uwanja mgumu.

Chaki_Mfukoni
Asante sana. Swali la mwanafunzi: sekunde 75 si polepole? Leo nimemjaribu kipande kimoja, amekimbia 58 na alikuwa anacheka.

Mzee_wa_Kijiti
Kimoja, ndiyo. Cha sita atacheka? Vipande vya mwanzo ni vya kujifunza mwendo. Sheria yangu: kipande kikizidi cha kwanza kwa zaidi ya sekunde 4, kazi ya siku hiyo imekwisha kwa mtoto huyo, hata kama karatasi imeandika bado viwili. Akianza na 58 atafika 80 kwenye cha nne, na utakuwa umemfundisha kukimbia vibaya akiwa amechoka.

Bayi_Damu
Mimi sikubaliani na huku kuzuiana. Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch aliondoka mbele tangu bunduki ilipolia, raundi ya kwanza chini ya sekunde 55, na akavunja rekodi ya dunia ya 1500 kwa 3:32.2. Mfundishe binti aondoke mbele tu, wengine watajijua.

Mzee_wa_Kijiti
Nilikuwa kijana siku zile, redio ilitupasua masikio. Lakini soma tena hesabu yako. Kwa 3:32, mita 400 moja ni wastani wa kama sekunde 57. Bayi alitangulia mwendo wake kwa sekunde mbili hivi, hakutangulia kwa kumi. Watoto wetu wanaondoka kwenye 800 kama wa mita 200, raundi ya pili wanatembea. Akiondoka mbele kwa mwendo anaoujua, sina tatizo.

Bayi_Damu
Hapo sawa. Ila bado napenda anayeondoka mbele.

Dada_Raba
Samahani kuingilia, mimi si mwalimu. Nina miaka 38, nimejifungua mtoto wa pili mwaka jana, nataka kupunguza mwili. Naweza kutumia hii hii ya wiki nane?

Mzee_wa_Kijiti
Mwanangu, vipande vya Jumanne achana navyo kwanza. Chukua Jumamosi tu, dakika 20 za kutembea na kukimbia kwa kupokezana, mara tatu kwa wiki. Na kama kuna maumivu ya nyonga au mkojo unakutoroka unapokimbia, muone mtaalamu kabla ya kuongeza chochote.

Mwl_Spoti_Tanga
Mimi niko kazini, mwaka wa tano. Naongeza moja ambalo liliniokoa: mapigo ya moyo ya asubuhi. Kila mtoto akiamka, kabla hajainuka kitandani, ahesabu dakika nzima, aandike kwenye daftari. Wiki ya kwanza unapata kawaida yake. Baadaye ikipanda kwa 8 au 10 juu ya kawaida kwa siku mbili mfululizo, siku hiyo anafanya mepesi. Mara nyingi nimekuta ni malaria inakuja, kabla hata homa haijaonekana.

Na wa mbio fupi mwalimu asiwasahau, wao ni kinyume kabisa. Mita 60 kwa kasi yote inataka dakika kama 6 za kupumzika. Akipumzika dakika moja anageuka mkimbiaji wa kati anayekimbia vibaya.

Chaki_Mfukoni
Daftari nimelipenda. Tatizo la saa: nyumbani kwao simu ni ya mama yake na mama anaondoka alfajiri sokoni.

Mwl_Spoti_Tanga
Basi muulize maswali mawili anapofika: umelala vipi, na miguu ikoje ukipanda ngazi ya darasani. Si sahihi kama mapigo, lakini baada ya wiki mbili utajua sura yake ya siku mbaya.

Chaki_Mfukoni
Sasa mchakamchaka. Nimemwomba mkuu wa shule timu isamehewe siku za Jumanne na Alhamisi. Amekataa, anasema nidhamu ni ya wote na akisamehe 14 kesho watakuja 40 wenye barua.

Mzee_wa_Kijiti
Ana hoja yake. Usigombane naye, wewe ni mgeni pale. Omba wakimbie nyuma kabisa, wakiimba kama wengine, kwa mwendo wa mzee. Halafu uuandike kwenye programu yako kama mazoezi, na Jumatatu na Jumatano jioni upunguze kiasi hicho. Mkufunzi ataona umehesabu.

Tambarare_Hapana
Mimi ningemwambia huyo mkuu aje akimbie kilima Alhamisi jioni.

Chaki_Mfukoni
(wiki nne baadaye)
Wakuu, mrejesho. Wiki ya nne imeisha. Ilikuwa ngumu kuliko zote kwangu mimi, maana watoto walikuwa wamechangamka na walinung'unika vipande kuwa vitatu. Mmoja alisema mwalimu umechoka? Jumamosi binti amekimbia 600 kwa 2:03. Kwa mwendo wake wa zamani ingekuwa kama 2:07. Sijamwongezea kasi hata mara moja tangu tuanze.

Habari mbaya: kijana mmoja wa 1500 ana maumivu ya ugoko, mguu wa kulia. Alinificha wiki nzima.

Mzee_wa_Kijiti
Mwambie aonyeshe kwa kidole. Akipapasa sehemu ndefu ya ndani ya ugoko, urefu wa kiganja au zaidi, na maumivu yanapungua akishapasha mwili, mara nyingi ni uchovu wa pale misuli inaposhikana na mfupa, atapona kwa kupunguziwa. Akigusa nukta moja kwa kidole kimoja akaruka, au akiumwa usiku amelala, au akishindwa kuruka kwa mguu huo mmoja mara tatu, hapo fikiria ufa kwenye mfupa. Asikimbie hata hatua moja, aende hospitali.

Chaki_Mfukoni
Nukta moja. Na kuruka ameshindwa.

Mzee_wa_Kijiti
Basi mashindano ya wilaya hayamo kwake, mwalimu. Mwambie mapema na mzazi wake ajue. Usimpe matumaini ya wiki ya nane.

Mwl_Spoti_Tanga
Muulize pia viatu. Na kama anacheza mpira mtaani jioni baada ya mazoezi, wengi hawasemi.

Chaki_Mfukoni
Anacheza. Kila Ijumaa na Jumapili, siku zangu za mapumziko 🤦🏾 Uwanja wa changarawe, peku.

Kipenga_cha_Mwisho
Nilisema mimi kuna mpira humu ndani.

Chaki_Mfukoni
(wiki ya nane, Jumapili)
Jana ilikuwa wilaya. Binti 2:44, wa pili, anakwenda mkoani. Alitaka kuondoka mbele kama Bayi, nikamwambia mita 300 za kwanza zisiwe chini ya sekunde 60, akapita 61. Wengine watatu wa 800 na 1500 wameboresha muda wao, mmoja amekuwa vile vile. Kijana wa ugoko alikuwa pembeni na magongo, ameshikilia stopuwachi. Hospitali walisema ni ufa mdogo, wiki sita kwanza.

Mkufunzi amesoma programu. Ameniuliza kwa nini wiki ya saba na ya nane kazi inapungua wakati mwendelezo maana yake ni kupanda. Nimemjibu kwamba kazi ya siku kumi za mwisho haina muda wa kumfaidi mtoto kabla ya mashindano, inabaki kumchosha tu. Amesema atafikiri.

Swali langu la sasa: mkoani ni baada ya wiki tatu. Nianze tena wiki ya tano, au nishike ya sita na ya saba tu?

Mzee_wa_Kijiti
Siku nne za kwanza asikimbie chochote zaidi ya mchakamchaka wenu huo. Halafu ya tano, ya sita nusu yake, na ya nane.

Tambarare_Hapana
Mimi ningemwacha akimbie taratibu wiki mbili nzima, na kilima kimoja.

Mwl_Spoti_Tanga
Kabla ya yote hayo, netiboli ya mkoa ni lini? Maana kwetu huwa wiki hiyo hiyo, na mwalimu wa netiboli naye ana programu yake.

Chaki_Mfukoni
Sijamuuliza. Kesho asubuhi nitamfuata.